Paneli nne, betri nne: tuunge mfululizo, sambamba au tuchanganye?

Mteja wangu mmoja ana duka la vinywaji nje kidogo ya Njombe mjini. Aliponipigia simu alikuwa tayari amenunua paneli nne za wati 100, betri nne za asidi za volti 12 na Ah 100, pamoja na kontrola ya kuchajia ya MPPT, ile inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea za betri, iliyoandikwa 100 V, 20 A. Inveta alikuwa bado, akisubiri nimwambie ya volti ngapi. Kutoka paani hadi chumba cha betri ni mita 15, na upande wa magharibi kuna mparachichi ambao kuanzia saa tisa alasiri hutupa kivuli kwenye paneli ya pembeni. Aliniuliza, "Fundi, tunaziunga vipi?" Nilimwambia anipe siku moja nikae na kalamu kwanza, kwa sababu vifaa hivyo hivyo vinaungwa kwa njia tatu na kila njia ina gharama yake.

Mfululizo, ambao mafundi wengi tunauita sirizi, ni chanya ya paneli moja kuingia kwenye hasi ya inayofuata. Volti zinajumlishwa, ampea zinabaki za paneli moja. Sambamba ni chanya zote pamoja na hasi zote pamoja. Hapo ampea zinajumlishwa, volti zinabaki za paneli moja. Mchanganyiko ni mistari miwili ya paneli mbili mbili zilizofululizwa, kisha mistari hiyo ikawekwa sambamba.

Lebo iliyo nyuma ya paneli za huyu mama inasoma Voc 22 V, Vmp 18 V, Isc 6 A, Imp 5.56 A. Voc ni volti wakati hakuna kitu kilichoungwa, na Vmp ni volti paneli inapofanya kazi vizuri kabisa. Isc na Imp ni vivyo hivyo kwa upande wa ampea: ya kwanza ni ya kuunganisha chanya na hasi moja kwa moja, ya pili ni ya kazini. Kwa paneli nne tunapata hivi:

| Namna | Voc | Vmp | Imp | Wati |
|---|---|---|---|---|
| Mfululizo, zote nne | 88 V | 72 V | 5.56 A | 400 |
| Mchanganyiko, mbili kwa mbili | 44 V | 36 V | 11.1 A | 400 |
| Sambamba, zote nne | 22 V | 18 V | 22.2 A | 400 |

Wati ni zile zile. Anayekuambia sambamba inatoa umeme mwingi kwa sababu ampea zimeongezeka amesahau kuangalia safu ya volti. Tofauti za kweli huanza umeme ukishaondoka kwenye paneli.

Waya wa mita 15

Waya wa kwenda na kurudi ni mita 30. Kwa shaba ya milimita mraba 6, ukinzani wake ni kama omu 0.0875. Wati zinazopotea kwenye waya ni ampea mara ampea mara ukinzani, kwa hiyo ampea zikizidi mara mbili, hasara inazidi mara nne.

Tukiunga zote sambamba, ampea 22.2 zinapoteza wati 43 njiani, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kila kitu kinachozalishwa. Mchanganyiko unapoteza wati 10.8. Mfululizo unapoteza wati 2.7 tu. Ili sambamba ipoteze kidogo kama mchanganyiko, ningehitaji waya mnene mara nne, wa milimita mraba 24, na sokoni ningelazimika kuchukua wa 25. Mita 30 za waya huo si bei ya mchezo. Kama paneli zako ziko mita tatu kutoka kwenye kontrola, hoja hii inapungua uzito sana. Kwa mita 15, peke yake inatosha kubadili uamuzi.

Kuna gharama nyingine ya sambamba ambayo mafundi wengi tunairuka. Paneli moja ikipata shoti ndani, zile tatu nyingine zinaweza kusukuma umeme ndani yake: tatu mara ampea 6 ni ampea 18. Lebo ya paneli huwa na sehemu inayotaja fyuzi kubwa inayoruhusiwa, na kwa paneli ndogo kama hizi mara nyingi ni ampea 10 au 15. Kwa hiyo mistari ikifika mitatu au zaidi, kila mmoja unahitaji fyuzi yake. Ikiwa miwili tu, mstari mzima unasukumwa na ampea 6 za mwenzake, ambazo unazihimili.

Baridi ya Njombe na kikomo cha kontrola

Mfululizo nao una hatari yake, na hii huua kontrola papo hapo. Voc ya kwenye lebo imepimwa paneli ikiwa na nyuzi 25. Kila nyuzi inayopungua, volti hupanda kwa takriban asilimia 0.3. Asubuhi ya mwezi wa saba Njombe inaweza kuwa na nyuzi 5. Jua linapochomoza, paneli bado ni za baridi na betri bado hazijaanza kuvuta kwa nguvu, kwa hiyo kontrola inapokea Voc yote. Nyuzi 20 chini ni asilimia 6 juu: volti 88 zinakuwa 93. Kikomo ni 100. Tumepita salama.

Angekuwa na paneli tano, tungefika volti 110 hata bila baridi, na kontrola ingekufa siku ya kwanza. Kwenye volti hakuna kusema "itavumilia". Ampea zikizidi, kontrola nyingi za MPPT hujibana zenyewe na kupitisha zile zinazoweza. Volti zikizidi, vipande vya ndani vinapasuka.

Jambo lingine ni usalama wa mikono yako. Volti 88 za umeme wa moja kwa moja zinatoa cheche ndefu isiyokatika kirahisi. Usichomoe viunganishi vya MC4 jua likiwaka na mzigo ukivuta. Funika paneli kwa blanketi au zima kwa breka ya umeme wa moja kwa moja. Breka ya kawaida ya nyumbani imetengenezwa kwa umeme wa kupishana, na inaweza kuungua ikijaribu kukata huu.

Kama kontrola yako ni PWM badala ya MPPT, hesabu yote ya mfululizo inabadilika. PWM inaburuta volti za paneli hadi zilingane na za betri. Ukifululiza paneli nne za volti 18 kwenye betri ya volti 12, unapata ampea zile 5.56 tu, na robo tatu ya umeme wako imetupwa. Kwa PWM na betri za volti 12, paneli hizi zinakwenda sambamba, na dawa ya hasara ni kufupisha waya.

Kivuli cha mparachichi

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, kwa sababu jibu si lile ambalo wengi hulitarajia. Husemwa kwamba mfululizo unaogopa kivuli na sambamba hauogopi. Ni nusu ya ukweli.

Nyuma ya paneli, kwenye kile kiboksi cheusi, kuna dayodi za kupitisha pembeni. Seli zikifunikwa na kivuli zinashindwa kupitisha ampea ambazo wenzake wanatoa, na dayodi inafungua njia ya mchepuko. Paneli nne zikiwa mfululizo na moja ikifunikwa kabisa, tatu zilizobaki zinaendelea kutoa ampea 5.56 kwa volti 54, yaani karibu wati 300. Zikiwa sambamba, ile ya kivulini inaacha kuchangia na tatu zinabaki: wati 300 pia.

Sasa tazama mchanganyiko. Mstari wa kwanza una paneli mbili nzima, volti 36. Mstari wa pili una moja nzima na moja ya kivulini, volti 18 tu. Mistari hii imeungwa sambamba, kwa hiyo lazima ifanye kazi kwa volti moja. Kontrola ikikaa kwenye volti 36, mstari wa pili hautoi kitu. Ikishuka hadi 18, mistari yote miwili inatoa, lakini kwa nusu ya volti. Njia zote mbili zinafika wati 200. Kivuli kwenye paneli moja kimekula paneli mbili.

Kwa hiyo kwa mti mmoja unaofunika paneli moja, mchanganyiko ndio mbaya kuliko zote. Kama kivuli chako kinafunika paneli mbili, hakikisha zote mbili ziko kwenye mstari mmoja, na mchanganyiko unarudi kuwa sawa na wenzake.

Dayodi hizo nazo hufa, hasa kwa radi. Dayodi ikikatika, kivuli kwenye paneli moja kinabana mstari mzima uliofululizwa, na seli zilizofunikwa zinapata moto. Ukiona doa la kahawia kwenye seli moja, au kiboksi cha nyuma kimejikunja kwa joto, fungua upime dayodi kabla ya kulaumu mti.

Paneli zisizolingana

Watu wengi hununua paneli kwa awamu, kadiri fedha inavyopatikana, kwa hiyo mifumo iliyochanganywa ni mingi. Kanuni ninayoishika ni fupi: kwenye mfululizo linganisha ampea, kwenye sambamba linganisha volti.

Chukulia moja ya paneli nne imevunjika kwa jiwe na badala yake ikawekwa ya wati 50, yenye Vmp ile ile ya 18 na Imp ya 2.78. Zikiwa sambamba hakuna tatizo: volti zinafanana, ampea zinajumlishwa, jumla ni wati 350. Zikiwa mfululizo, ile ndogo inakuwa kama mtu mmoja mwembamba mlangoni anayezuia foleni nzima. Paneli zote zikibanwa kwenye ampea 2.78, zile kubwa zinapanda volti kidogo, lakini jumla inafika kama wati 210 tu. Kontrola nzuri itagundua kwamba ni afadhali kuiruka ile ndogo kupitia dayodi yake na kupata karibu 300 kutoka kwa zile tatu. Maana yake ni kwamba hata kwa kontrola nzuri, paneli ya wati 50 uliyoinunua haifanyi kazi yoyote jua likiwa kali.

Sambamba nayo ina mtego wake. Jirani ya huyu mama ana betri za volti 12, paneli kubwa ya wati 250 yenye Vmp 30 na Imp 8.3, na alitaka kuongeza pembeni yake paneli ya wati 100 ya volti 18. Zikiungwa sambamba, ile kubwa inaburutwa hadi kwenye volti 18 au 19. Hapo inatoa ampea zake karibu 8.7, ndogo inatoa ampea zake 5, na jumla ni takriban wati 260. Paneli kubwa peke yake ilikuwa inatoa 250. Wati 100 zimenunuliwa, wati 10 zimepatikana. Nilimshauri anunue kontrola ndogo ya pili kwa ajili ya paneli hiyo na kuiunga kwenye betri zile zile. Kontrola mbili kwenye betri moja hazigombani.

Betri: hapa makosa hayaonekani siku ya kwanza

Jumla za betri zinafuata kanuni ile ile. Nne mfululizo ni volti 48 na Ah 100. Mbili kwa mbili ni volti 24 na Ah 200. Zote sambamba ni volti 12 na Ah 400. Akiba ni ile ile, Wh 4,800, ingawa betri za asidi hupendelea usizitumie chini ya nusu.

Tofauti inaonekana kwenye ampea. Inveta inayotoa wati 1,000 inavuta karibu ampea 93 kwenye volti 12, ampea 46 kwenye volti 24 na ampea 23 kwenye volti 48. Fikiria kiungo kimoja kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.005. Kwenye volti 12 kinazalisha joto la wati 43, ambalo ni moto wa chuma cha kulehemu, juu ya betri, ndani ya chumba. Kwenye 24 ni wati kama 11, na kwenye 48 hazifiki 3.

Volti 12 zilijiondoa zenyewe. Kontrola yake ina kikomo cha ampea 20 za kuchaji, na kwenye volti 14 hizo ni wati 280, wakati paneli ni za 400. Kwenye betri za volti 24, wati 400 ni kama ampea 15, zinapita. Volti 48 nazo zilikuwa zinabana: betri za 48 zinataka kuchajiwa hadi volti 57.6, na paneli zilizofululizwa zikiwa na joto la nyuzi 60 hushuka kutoka 72 hadi kama 62. Kivuli kikija na kutoa paneli moja, zinabaki volti 46 au zaidi kidogo, na kuchaji kunasimama kabisa. Zilibaki volti 24. Kwa betri hizo, paneli zote sambamba hazingefaa tangu mwanzo, kwa kuwa volti 18 haziwezi kuchaji volti 24.

Sasa kutolingana. Niliwahi kufunga mfumo wa volti 24 kwa kufululiza betri mpya na nyingine ya miaka mitatu, kwa sababu ile ya zamani ilisoma volti 12.7 na nikaamini ni nzima. Volti za betri iliyopumzika hazikuambii imebakiwa na Ah ngapi. Ile ya zamani ilikuwa na kama 60 kati ya 100. Kontrola inaona jumla tu: inasubiri 28.8 na ikifika inaridhika. Ndani yake, ya zamani ilijaa mapema ikapanda hadi 15.4, ikachemka na kukauka, wakati mpya ilikuwa bado kwenye 13.4, haijashiba. 15.4 na 13.4 ni 28.8 kamili. Usiku mambo yanageuka: ya zamani inaisha kwanza na kushuka hadi 9.5, mpya bado ina 12.2, jumla 21.7, na inveta inayokata kwenye 21 inaendelea kuvuta. Kwa miezi michache ya zamani ilikufa, na mpya ikaumia vibaya kwa kutojaa kila siku. Nililipa betri hizo mbili kwa mfuko wangu.

Sambamba inavumilia zaidi tofauti ya ukubwa, kwa sababu betri zote zinakaa kwenye volti moja na iliyochoka hutoa kidogo kulingana na nguvu zake. Hatari yake ni mbili. Ya kwanza ni siku ya kuunga: ukigusanisha betri ya volti 12.8 na ya 12.0, tofauti ya 0.8 kwenye njia yenye ukinzani wa omu 0.02 ni ampea 40 papo hapo. Chaji kila moja peke yake kwanza, ziache zipumzike, na usiunge kama zinapishana kwa zaidi ya volti 0.1. Ya pili ni seli moja kupata shoti ndani. Betri hiyo inakuwa kama ya volti 10, na wenzake wote wanaimwagia umeme mpaka ivimbe. Ndiyo maana kila tawi la betri zilizo sambamba linahitaji fyuzi yake.

Namna ya kuchukua umeme nayo inahesabika. Chanya na hasi zote mbili zikitoka kwenye betri ya kwanza, hiyo ndiyo inayobeba mzigo mzito, kwa kuwa za mbali zinapitia nyaya nyingi zaidi za kuungia. Toa chanya kwenye betri ya kwanza na hasi kwenye ya mwisho, mzigo ugawanyike karibu sawa.

Kama angeniuliza kabla ya kununua, ningemwambia achukue betri mbili za Ah 200 na kuzifululiza tu. Akiba ni ile ile, viungo ni vichache, hakuna matawi ya kugombania mzigo. Kwa betri za lithiamu ningeongeza onyo: baadhi haziruhusiwi kufululizwa kabisa, na nyingi zina kikomo cha idadi kilichoandikwa kwenye kijitabu chake, kwa sababu kifaa cha ulinzi cha ndani kikikata, kinabeba volti za mstari mzima.

Tulivyofunga

Paneli zote nne mfululizo. Betri mbili kwa mbili kwa volti 24, kila tawi na fyuzi yake, chanya ikitoka tawi la kwanza na hasi tawi la pili. Betri zote nne ni za duka moja na za siku moja, na nilizichaji moja moja kwa siku mbili kabla ya kuziunga.

Saa sita mchana kontrola ilisoma volti 67 na ampea 5.2 kutoka paani. Saa tisa na nusu kivuli kilipofika, volti zilishuka hadi 50 kwa mkupuo mmoja huku ampea zikibaki karibu pale pale zilipokuwa dakika chache kabla. Hivyo ndivyo unavyotambua dayodi inafanya kazi. Zingeanguka ampea, ningepanda paani kuitafuta iliyokufa.

Mama nilimwachia mita na karatasi ukutani yenye safu nne. Kila Jumamosi, betri zinapokaribia kujaa, anapima volti za kila betri na kuandika. Zikipishana kwa zaidi ya 0.3 ndani ya tawi moja, ananipigia. Kwa ampea za kila tawi nilikuja mwenyewe na mita ya kubana, ile inayosoma umeme wa moja kwa moja, kwa sababu nyingi za bei ndogo husoma wa kupishana tu na hapa zitakuonyesha sifuri. Mzigo wa ampea 20 uligawanyika 10.3 kwa 9.7.